Kutoka Picha za Ajenda hadi Dokezo la Ukurasa Mmoja: Mfano wa Kamati ya Wakazi wa Kitisuru

Dokezo la kabla ya kikao ni maandishi mafupi yanayomwezesha mjumbe wa kamati kujua, kabla hajaketi mezani, ni mambo gani atatakiwa kuyaamua na kwa hoja zipi. Katika baadhi ya kamati za wakazi jijini Nairobi, dokezo hilo huandikwa kutokana na picha. Katibu hupiga picha ajenda na viambatisho vyake kwa simu, akazituma kwenye kundi la WhatsApp, na wajumbe wenye shughuli nyingi hawapati nafasi ya kukuza kila picha na kuisoma. Anayeandika dokezo huwasomea wenzake, kwa hiyo kosa lake huwa kosa la kamati nzima.

Hoja ya makala haya ni kwamba dokezo lipangwe kwa maamuzi na tarehe zake za mwisho, wala lisifuate mpangilio wa ajenda. Ajenda hupangwa kwa desturi ya vikao: kufungua, kuthibitisha kumbukumbu, yatokanayo, fedha, mambo mapya, mengineyo. Mpangilio huo unamfaa mwenyekiti anayeongoza kikao, lakini hauonyeshi lipi ni zito wala lipi haliwezi kungoja.

Kitisuru ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Westlands. Sehemu yake kubwa ni nyumba za familia moja moja kwenye viwanja vikubwa, na wakazi wa maeneo ya namna hiyo hukabiliwa na maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi ili kujengwe majengo ya nyumba nyingi. Mfano ufuatao wa kamati ya wakazi umetungwa ili kuonyesha hatua za kazi. Kikao kimepangwa Jumatano tarehe 19. Tarehe 12 katibu anatuma picha 14: moja ya ajenda, na nyingine za kumbukumbu za kikao kilichopita, taarifa ya fedha ya miezi mitatu, bei za kampuni tatu za ulinzi, na tangazo la ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja kimoja.

Kuhakiki picha

Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba karatasi zote zipo. Kila picha hupewa namba, kisha hulinganishwa na orodha ya viambatisho iliyo kwenye ajenda na namba za kurasa zilizo chini ya karatasi. Katika mfano huu, bei ya kampuni ya tatu ina ukurasa wa 1 na wa 3, lakini wa 2 haupo. Ukurasa uliokosekana huwa mgumu kugunduliwa iwapo sentensi ya mwisho ya ukurasa uliotangulia imekamilika, kwa sababu msomaji hupita bila kuona pengo. Anayeandika humwomba katibu apige picha upya. Asipoupata, huandika waziwazi kwamba masharti ya kampuni hiyo hayakuonekana, na hayajazi kwa kukisia.

Kazi ya pili ni kuhakiki tarakimu. Kivuli cha simu au karatasi iliyojikunja huifanya 8 ionekane kama 3. Njia ya kuaminika ni kufanya hesabu badala ya kukazia macho tarakimu moja. Taarifa ya fedha inaonyesha matumizi ya ulinzi sh 1,236,000, taa za barabarani sh 134,000 na uzoaji taka sh 95,000, na chini yake jumla ya sh 1,515,000. Viasi hivyo vitatu vikijumlishwa hutoa sh 1,465,000. Pengo la 50,000 linaelekeza kwenye tarakimu ya makumi elfu, na picha ikikuzwa inaonekana kwamba taa ziligharimu sh 184,000. Pengo likibaki hata baada ya kukuza picha, basi huenda kosa limo katika taarifa yenyewe, na hilo huwa swali la kumwuliza mweka hazina kabla ya kikao.

Kupanga kwa maamuzi

Baada ya hapo kila kiambatisho husomwa kwa maswali matatu: kinaiomba kamati ifanye nini, kwa hoja gani, na lini muda wa kufanya hivyo unakwisha. Ajenda pekee haitoshi kujibu. Katika mfano huu ajenda inasema tu “Ulinzi: majadiliano”, ilhali karatasi ya bei inaomba kamati ichague kampuni na kutia saini mkataba wa mwaka mmoja. Mjumbe akijiandaa kwa majadiliano tu, atajikuta anapiga kura asiyoitarajia.

Bei zenyewe nazo hazilinganishiki zilivyoandikwa. Kampuni ya kwanza inataka sh 412,000 kwa mwezi pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Ya pili inataka sh 365,000, lakini maandishi madogo yanasema kodi haimo. Ikiongezwa kodi ya asilimia 16, bei hiyo inafika sh 423,400, na iliyodhaniwa kuwa nafuu inageuka kuwa ghali zaidi. Dokezo litaje bei zote kwa kipimo kimoja na liseme kwamba hesabu hiyo ni ya mwandishi wa dokezo, ili anayetaka aihakiki.

Jambo zito kuliko yote limewekwa la sita kwenye ajenda. Tangazo la kubadilisha matumizi ya kiwanja limeandikwa tarehe 3 na linatoa siku 14 za kupeleka pingamizi kwa kaunti. Siku hizo zinakwisha tarehe 17, siku mbili kabla ya kikao. Hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Ukweli huo hupatikana tu kwa kuweka tangazo kando ya tarehe ya kikao. Ni kweli kwamba Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya mwaka 2019 inampa mtu asiyeridhika na uamuzi wa kaunti siku 14 za kukata rufaa kwa kamati maalumu ya kaunti, lakini rufaa huja baada ya uamuzi kutolewa, na huidai kamati ya wakazi kazi kubwa kuliko pingamizi la mwanzo. Kwa hiyo taarifa hii haingoji dokezo likamilike. Mwenyekiti hujulishwa siku ileile ili aamue kama ataitisha kikao cha dharura au atawauliza wajumbe kwa simu, kulingana na katiba ya chama cha wakazi. Dokezo lingefuata ajenda, jambo hili lingesomwa la sita, na huenda likasomwa baada ya tarehe 17.

Katika dokezo lenyewe, kila jambo hupewa mistari minne au mitano. La kwanza linaweza kuandikwa hivi:

Ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja (ajenda 6, picha ya 13–14). Kinachotakiwa: kuamua kama kamati itapeleka pingamizi. Mwisho: tarehe 17, kabla ya kikao. Hoja: tangazo linataja nyumba nyingi mahali pa nyumba moja. Lisiloonekana: idadi ya nyumba na mpango wa maji taka.

Namba za picha humwezesha mjumbe mwenye shaka kurudi kwenye karatasi yenyewe bila kutafuta. Tangazo likiwa kwa Kiingereza, maneno yenye nguvu ya kisheria hunukuliwa yalivyo na maelezo ya Kiswahili kuwekwa kando yake, kwa sababu pingamizi litapimwa kwa maneno ya tangazo. Ulinzi hufuata, kisha fedha. Kufungua kikao na mengineyo havihitaji mstari.

Mipaka ya dokezo

Dokezo halipaswi kubeba kila kilichomo kwenye picha. Taarifa ya fedha huweza kuambatana na orodha ya kaya zisizolipa ada, yenye majina na namba za simu. Hizo ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na dokezo husambaa kwa urahisi kwa kubofya mara moja. Kutaja idadi ya kaya na jumla ya deni kunatosha kwa uamuzi wa kamati.

Vilevile mwandishi wa dokezo hapaswi kupendekeza kampuni ya kuchaguliwa wala kusema kama pingamizi linafaa. Akifanya hivyo, wajumbe ambao hawakusoma karatasi watapiga kura kwa maoni yake wakidhani wanafuata karatasi. Hali hiyo hutambulika katika kikao iwapo wajumbe wananukuu dokezo na hakuna anayetaja ukurasa. Kwa maamuzi yenye mkataba au haki ya kisheria ndani yake, dokezo litamke wazi kurasa ambazo kila mjumbe hana budi kuzisoma mwenyewe. Katika mfano huu ni tano tu: mbili za tangazo na tatu za bei za ulinzi.