Karanga, bisi, jusi ya boksi: asusa zipi ni salama kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3?

Umeshuka Msamvu na mtoto mgongoni. Hata hujafika nje ya stendi, ameshaona karanga za kukaanga, bisi, kashata, ubuyu mwekundu na jusi za boksi. Analia anataka. Kitu cha haraka ni kununua kile alichonyooshea kidole ili anyamaze. Lakini karibu vyote hapo vina tatizo moja kati ya mawili: ama vinaweza kumpalia, ama ni sukari tupu. Ubuyu na kashata vina yote mawili.

Mtoto wa umri huu anahitaji kweli kitu cha kula katikati ya milo. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo milo 3 au 4 kwa siku inafuatana na asusa 1 au 2. Suala ni asusa ipi, na umeiandaaje.

Kwa nini karanga humpalia mtoto na siyo wewe

Wewe ukila karanga unaisaga kwa magego. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana meno ya mbele ya kukatia, magego ndiyo kwanza yanaanza, na ya nyuma kabisa huweza kuchelewa hadi anapokaribia miaka 3. Anakata karanga vipande viwili, kisha anajaribu kumeza. Njia yake ya hewa ni nyembamba, takriban upana wa kidole chake kidogo. Akicheka, akilia au akikimbia wakati huo, anavuta pumzi na kipande kinakwenda na hewa.

Ndiyo maana usimpe karanga nzima, korosho nzima, bisi, pipi ngumu wala jojo hadi afikishe miaka 5. Weka hapo pia vipande vya muwa, karoti mbichi, mbegu za ubuyu, na soseji iliyokatwa miduara. Mduara wa soseji ni laini, lakini umbo lake linaziba koo kama kizibo.

Mtihani wa nyumbani ni huu: bonyeza chakula kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka kirahisi, ufizi wa mtoto utakiweza. Kikibaki kigumu, kipike zaidi, kisage au kiache. Kisha angalia umbo. Kitu cha duara kikate kwa urefu, siyo kwa upana.

Karanga hiyohiyo, namna nyingine

Usitupe karanga. Ina mafuta na protini ambazo mtoto anazihitaji. Chambua kwanza, uondoe zote zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, kwa sababu ukungu wa karanga huweza kuwa na sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi yote. Kaanga, toa maganda, twanga au saga hadi iwe laini kabisa bila chembe. Koroga kijiko 1 cha chai kwenye uji au kwenye ndizi iliyopondwa. Kama ni mara yake ya kwanza kula karanga, anza na kidogo sana kwenye ncha ya kijiko na umwangalie. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja.

Usimpe donge la siagi ya karanga kwenye kijiko. Linanata kooni. Lipake kwa wepesi au lichanganye na kitu cha majimaji.

Kinachoshuka kutoka milimani

Mwenye kukaa Morogoro ana bahati ya Uluguru. Mazao ya Mgeta na ndizi za Kinole unazikuta Soko la Chifu Kingalu. Asusa yote ya wiki inaweza kutoka hapo, ila kila kitu kina namna yake:

- Ndizi mbivu: ipasue kwa urefu, uikate vijiti. Usiikate miduara, inateleza nzima.
- Karoti: chemsha hadi ipite mtihani wa vidole. Mbichi iwe imekunwa laini kabisa.
- Njegere: ni duara, kwa hiyo zichemshe na uziponde.
- Chungwa: toa mbegu na ile ngozi nyeupe, kisha kata vipande vidogo.
- Papai, parachichi, embe lililoiva: vijiti laini, bila mbegu wala nyuzi.
- Kiazi kitamu au yai: chemsha, ponda, ongeza maziwa kidogo kama ni kikavu.

Chukua mtoto wa miezi 18. Saa 4 asubuhi mpe nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa na kijiko 1 cha karanga iliyosagwa. Saa 10 jioni mpe vijiti vya kiazi kitamu kilichochemshwa na nusu kikombe cha mtindi usio na sukari. Kiu ikimshika, mpe maji. Kama bado ananyonya, aendelee.

Soma nyuma ya boksi

Picha ya embe mbele haina maana kwamba ndani kuna embe. Geuza boksi, tafuta sukari kwa kila mililita 100. Tuseme imeandikwa gramu 12 na boksi lina mililita 250. Zidisha 12 kwa 2.5, unapata gramu 30. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hiyo hapo mtoto anakunywa vijiko 7 na zaidi. Wewe mwenyewe usingeweka vijiko 7 kwenye chai yake.

Kwenye biskuti, angalia orodha ya viungo. Kilichotajwa mwanzo ndicho kingi zaidi. Ukiona sukari au glukosi kati ya vitatu vya kwanza, rudisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari.

Akae, na mtu amwangalie

Asusa laini nayo humpalia anayekimbia. Mtoto ale amekaa wima, na mtu mzima awe karibu. Kaka yake wa miaka 6 asiachiwe kazi hiyo, yeye ndiye humgawia karanga zake. Kwenye gari la kutoka Nyandira, kona na mashimo yale, subiri mfike ndipo ale.

Akipaliwa

Akikohoa kwa sauti, mwache akohoe, baki naye. Usiingize kidole kinywani kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani.

Akiwa hatoi sauti, hawezi kulia, midomo inageuka bluu, anza hapohapo huku mwingine akitafuta usafiri. Mwinamishe mbele, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, kaa nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu. Aliye chini ya mwaka 1 hasukumwi tumbo: mlaze kifudifudi mkononi kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, msukume katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5.

La mwisho, ambalo wengi hulikosa: alipaliwa na karanga, akatulia, mkashukuru. Siku zinazofuata anakohoa, anakoroma kifuani au anapata homa, mnampa dawa ya kikohozi. Huenda kipande kimeingia mapafuni, na dawa haikitoi. Mpeleke hospitali, na umwambie daktari wazi: "Alipaliwa na karanga." Bila neno hilo atatibiwa mafua.