Kwa nini 'hatuna' haikukatwa vipande

Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, na hotuba huwa hazikosekani. Lakini ukipita kwenye maduka ya Garissa, au ukisoma ujumbe wa simu kutoka Wajir na Mandera, bado unakutana na 'ha kuna deni' na 'hatu na chenji'. Kosa hili lipo Nairobi pia, ila huku Kaskazini Mashariki, kwa wasemaji wa Kisomali, lina sababu yake. Kisomali, kilichopata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, hukitenga kikanushi: 'ma jiro' ni hakuna, 'ma hayno' ni hatuna. Mtoto aliyezoea 'ma' inayosimama peke yake huitaka 'ha' nayo isimame hivyo.

Kiswahili kilikuwa kimeamua mapema kuunganisha. Edward Steere, mmishonari wa Unguja, aliandika 'sina, huna, hana' kwa pamoja katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasanifisha tahajia kwa shule za Afrika Mashariki.

Ugomvi wa kukata au kuunganisha ulikuwa kusini mwa Afrika. Wamishonari Wafaransa waliofika Lesotho mwaka 1833 walianzisha maandishi yanayokata maneno, na hadi leo Msotho huandika 'ha re na' kwa hatuna na 'ha ba na' kwa hawana. Ni ndugu wa maneno yetu kabisa, ila yamekatwa. Mzulu huandika 'asina' na 'abana'. Profesa Clement Doke wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliupinga ukataji huo: kwake neno lilijulikana kwa mkazo wake mmoja mkuu, si kwa jinsi Mzungu anavyolitafsiri.

Kipimo hicho kinatufaa. Sema 'hatuna': mkazo ni mmoja tu, kwenye 'tu'. Ongeza 'cho' upate 'hatunacho', na mkazo unahamia 'na'. 'Na' ingekuwa neno la pembeni, mkazo usingeijali. Tena 'ha' ikikutana na 'u' inakuwa 'huna'. Hapo utakata wapi? Na anayeandika 'hawa na pesa' amebadili maana: hao watu sasa wametajwa pamoja na pesa, hawajakosa kitu.

Kinachowachanganya wanafunzi zaidi, na vitabu vingi hukipita mbiombio, ni wakati uliopita. Katika 'hatuna' kitenzi 'kuwa' hakipo, kwa hiyo 'na' hushikamana na viambishi. 'Kuwa' kikirudi, 'na' hujitenga: 'hatukuwa na maji', 'hakukuwa na basi'. Aliyeona 'na' imetengwa huko huitenga kila mahali.

Kuwacheka Wasomali kwa kosa hili ni uvivu wa kufundisha. Walimu wa Garissa, andikeni 'ma hayno' na 'hatuna' ubaoni kando kwa kando, kisha 'hatukuwa na' chini yake, kabla ya kushika kalamu nyekundu.