Sonona na baipola: utambuzi uko kwenye historia ya mgonjwa

Neno sonona limeshapata makazi katika Kiswahili cha afya, hasa Tanzania. Maana yake ni huzuni nzito au kukosa hamu ya chochote, hali inayodumu wiki 2 au zaidi na kuvuruga usingizi, ulaji, umakini na hata hamu ya kuishi. Kwa ugonjwa wa baipola bado tunayumba. Wapo wanaouita ugonjwa wa hisia mseto, lakini mseto ni vitu vilivyochanganywa chunguni pamoja, na kitabibu kipo kipindi mseto hasa, ambapo mgonjwa ana huzuni na msisimko kwa wakati mmoja. Kwa hiyo naona jina la ugonjwa wa ncha mbili linafaa zaidi. Linatuambia kwamba hisia za mgonjwa hufika chini kabisa, na katika kipindi kingine hupanda juu kupita kiasi.

Kipindi cha juu ndicho kinachotofautisha magonjwa haya mawili. Kikiwa kikali huitwa mania: mtu hudumu wiki nzima au zaidi akiwa na furaha au hasira iliyopitiliza na nguvu nyingi, halali na wala hachoki, maneno yanamtoka mfululizo, anatumia fedha ovyo, pengine anaamini ametumwa kuokoa taifa. Kikiwa chepesi, yaani haipomania, siku 4 zinatosha kukitambua, na mgonjwa anaweza kuendelea na kazi zake kama kawaida. Hapo ndipo pagumu. Haipomania mara nyingi haimuumizi mwenyewe, naye hukumbuka siku hizo kama siku zake nzuri kuliko zote. Nani aende hospitali kulalamika kwamba alikuwa na furaha?

Kwa hiyo wengi hufika kwa daktari wakiwa chini, na huko chini sonona ya kawaida na ile ya baipola hufanana mno. Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 29. Kwa wiki 6 amekuwa akilia, chakula hakipandi, madaftari ya wanafunzi yamerundikana bila kusahihishwa. Anaandikiwa amitriptilini. Wiki ya tatu anachangamka, na nyumbani wanafurahi kwamba dawa imemkubali. Siku chache baadaye anaamka saa nane usiku kufua mapazia, anaongea bila kumpa mtu nafasi, na amechukua mkopo akanunua cherehani 4 ilhali hajui kushona.

Anaporudishwa kliniki, dada yake anaulizwa swali ambalo lingepaswa kuulizwa siku ya kwanza: je, amewahi kuwa hivi kabla?

"Daktari, mwaka juzi alipojifungua alikaa kama siku tano halali," anasema. "Usiku kucha anapika maandazi, mchana anapiga simu kwa watu. Sisi tukasema ni furaha ya mtoto."

Siku hizo tano zinabadilisha utambuzi mzima. Dawa za sonona zikitumiwa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumrusha kwenye mania, au kufanya vipindi vifuatane kwa haraka zaidi. Amitriptilini na dawa za kundi lake zina hatari hiyo kuliko fluoksetini. Si kila mwenye sonona yuko katika hatari hiyo, lakini daktari huwa makini zaidi ikiwa sonona ilianza katika umri mdogo, ikiwa kuna ndugu wa damu mwenye baipola, au ikiwa mgonjwa alivurugikiwa mara baada ya kujifungua. Mgonjwa peke yake hatoshi kutoa historia hiyo. Anahitajika mtu anayeishi naye.

Kwa mwalimu huyu, amitriptilini inasimamishwa na anaanzishiwa dawa ya kudhibiti hisia. Valproeti ingemtuliza haraka, lakini ina madhara makubwa kwa mimba, hivyo haifai kwa mwanamke anayeweza kuzaa kama kuna njia nyingine. Njia mojawapo ni lithiamu, ambayo manufaa yake dhidi ya mania yaliripotiwa na John Cade wa Australia mwaka 1949. Lithiamu hupunguza pia hatari ya kujiua, lakini inadai maabara. Figo na tezi ya shingo hupimwa kabla ya kuanza. Wiki moja hivi baadaye hupimwa kiwango chake katika damu, saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na kwa matumizi ya muda mrefu wengi hulengwa milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Kuhara sana, kutapika au kumeza diklofenaki kwa maumivu ya mgongo kunaweza kukipandisha kiwango hicho hadi kuwa sumu. Mikono ikianza kutetemeka sana, mwendo ukayumba na ulimi ukawa mzito, mgonjwa asimeze dozi inayofuata. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.