Tagi ya Maneno Muhimu na Orodha Isiyosomwa

Ukifungua msimbo wa tovuti iliyojengwa kwa kiolezo cha zamani, mara nyingi utakuta mstari wa namna hii karibu na juu:

```html
<meta name="keywords" content="parachichi, miche ya parachichi, Hass, Njombe">
```

Hii ndiyo tagi ya maneno muhimu. Tagi ni alama ya HTML inayoieleza kompyuta sehemu fulani ya ukurasa ni kitu gani. "Maneno muhimu" ni jina tunalolifahamu kutoka makala za kitaaluma, ambako mwandishi huyaorodhesha chini ya ikisiri ili msomaji na mkutubi wajue makala inahusu nini. Tofauti ni kwamba orodha ya kwenye makala kila msomaji anaiona, lakini ya kwenye tagi haionekani kabisa kwenye skrini. Iliandikwa kwa ajili ya mashine peke yake.

Katikati ya miaka ya 1990 jambo hilo lilikuwa na mantiki. Injini za utafutaji kama AltaVista na Infoseek zilikuwa na uwezo mdogo wa kuelewa ukurasa, hasa wenye picha nyingi na maandishi machache, kwa hiyo zilimsikiliza mwenye tovuti ajieleze mwenyewe. Haikuchukua muda kabla watu hawajagundua kwamba mahali pasipoonekana na msomaji panaweza kuandikwa chochote. Wakarudia neno lilelile mara nyingi, wakatia maneno yasiyohusiana na ukurasa, wakatia hata majina ya biashara za washindani wao. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kesi ya Brookfield dhidi ya West Coast: kampuni ya video ilizuiwa kutumia alama ya biashara ya mwenzake, MovieBuff, ndani ya tagi zake.

AltaVista iliacha kuisoma tagi hiyo mwaka 2002. Septemba 2009 Google nayo ilitangaza wazi kwamba haiitumii kupanga matokeo ya utafutaji. Badala yake, injini huangalia maandishi anayoyaona msomaji na viungo vinavyotoka kurasa nyingine. Hapo udanganyifu una gharama, kwa sababu ukurasa uliorundikwa maneno humkimbiza msomaji mwenyewe.

Hata hivyo, kazi ya kukusanya maneno haipotei bure. Kosa ni pale yanapowekwa. Tuseme kitalu cha miche mjini Njombe kina orodha hii: parachichi, miche ya parachichi, bei ya miche ya parachichi, miche iliyobebeshwa, parachichi huzaa baada ya muda gani. Kwanza orodha igawanywe kufuatana na haja ya anayetafuta. Anayeandika "bei ya miche" anataka kununua, na anayeuliza muda wa kuzaa bado anajifunza. Neno "parachichi" peke yake liachwe, maana anayeliandika huenda anatafuta mapishi.

Kila haja ipewe ukurasa wake. Ukurasa wa mnunuzi uanze na kichwa kinachosema jambo lenyewe:

```html
<title>Bei ya miche ya parachichi ya Hass, Njombe</title>
```

Chini yake iandikwe bei halisi, ukubwa wa viriba, na jinsi miche inavyosafirishwa. Ukurasa wa pili ueleze kwa nini mche uliobebeshwa huzaa mapema kuliko uliooteshwa kwa mbegu. Wanunuzi wanaosema "avokado" wanatosheka na neno hilo likitajwa mara moja ndani ya sentensi ya kawaida. Picha nazo zipewe maelezo ya kinachoonekana, wala zisigeuzwe ghala la maneno yaliyobaki.

Baada ya wiki kadhaa, mwenye kitalu afungue Google Search Console. Ripoti yake ya utendaji huonyesha maneno ambayo watu waliandika, mara ngapi ukurasa ulitokea, na mara ngapi ulibofywa. Ukurasa ukitokea sana kwa "bei ya miche ya parachichi" lakini haubofywi, kichwa chake ndicho cha kutazamwa kwanza. Yakijitokeza maneno ambayo hakuna ukurasa unaoyajibu, hapo pana ukurasa mpya wa kuandika. Ripoti hiyo ina thamani zaidi kuliko orodha iliyobuniwa mezani, kwa kuwa ni watafutaji wenyewe wanaosema.

Kwa sababu hiyo istilahi mbili zinafaa kutenganishwa. "Tagi ya maneno muhimu" ibaki jina la ule mstari wa zamani, unaobeba maneno ambayo mwenye tovuti anayaona muhimu. Yale yanayoandikwa na watu kwenye kisanduku cha kutafutia yaitwe "maneno ya utafutaji". Ukizichanganya, utashughulikia orodha yako na kuwasahau wanaokutafuta.

Tagi ikiwa tayari imo kwenye tovuti yako, kuifuta hakutakupandisha kwenye Google. Kabla ya kuifuta, angalia kama kisanduku cha kutafutia cha tovuti yako mwenyewe hakiitegemei: weka neno la kubuni ndani ya tagi tu, kisha ulitafute. Lisipopatikana, ifute. Na akija mtu kukuuzia huduma ya kuijaza, usimlipe.