Meseji Yako ya Kuuza Inaachwa Bluu Tiki? Hapa Ndio Unaharibu

Tuseme unatoka Ziwani, unashona mifuko ya kitambaa, ile ilishika soko baada ya karatasi za plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017. Wateja unaowataka wako hapo tu Kariokor, mafundi wa sandos za ngozi. Unaandika meseji moja, unairusha kwa namba hamsini:

"Mpendwa mteja, tunauza mifuko bora kwa bei nafuu. Wasiliana nasi leo."

Kimya. Na si ati mifuko yako ni mbaya. Hiyo meseji ingeenda kwa muuza mitumba Gikomba ama kinyozi Pumwani bila kubadilisha hata neno, na fundi anashtukia hivyo kabla amalize mstari wa kwanza. Eti "mpendwa mteja", na hajawahi nunua kitu kwako! Haoni mtu amemwandikia, so haoni mtu wa kujibu.

Wengi hapo wanaongeza jina, ama wanapaka mafuta: "nimependa sana kazi yako." Bado. Ficha jina alafu uulize: hii ningeitumia jirani wa kibanda cha pili? Kama jibu ni ndio, ni ileile tu.

Chenye kinasaidia ni kitu umeona na macho yako, na kinagusana na kile unauza. Pita kwake, angalia vile anafunga oda. Sema hivi:

"Habari fundi. Jumamosi nilikuwa kwako, nikaona ukifunga jozi tatu za kupeleka stejini na gazeti na selotepu. Mimi nashona mifuko ya kitambaa hapa Ziwani. Kiatu chako kikubwa kabisa ni saizi gani, nikuletee mfuko mmoja ujaribu?"

Angalia gazeti linafanya nini hapo. Linathibitisha ulifika, na ndilo sababu yenyewe ya kuandika. Ungetaja rangi ya ukuta wake ungethibitisha ulifika, lakini mifuko ingeingia aje? Swali la mwisho nalo linajibika na namba moja, hata mkono mwingine ukiwa na gundi.

Hii kitu ni slow, usidanganywe. Mistari ya katikati inaweza kubaki ileile, lakini ya kwanza na swali ni za mtu mmoja, so kwa siku utatuma kumi hivi. Kama hukufika, usibuni. Akijua Jumamosi alikuwa amefunga, umeisha. Na detali ibaki ya kazi. Ukitaja shule ya mtoto wake, hapo umemtisha.

Namba utoe kwa bango lake ama umwombe. Yule alikulipa na M-Pesa jana hakukupa ruhusa ya kumtumia matangazo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini kabla utumie data ya mtu kibiashara. Akisema usimtumie tena, futa hiyo namba.