Paneli inayofuata jua: Iringa na Mbeya, anza na upepo

Kutengeneza paneli inayogeuka na jua siku hizi si kazi ngumu. Vihisi mwanga viwili, Arduino moja na jeki ya umeme vinatosha. Kinachowashinda wengi ni siku upepo unapokuja. Nyanda za Juu Kusini upepo si wa mchezo. Kule Mufindi, mkoani Iringa, kuna mitambo ya upepo ya Mwenga inayozalisha umeme wa biashara. Upepo unaozungusha mitambo ile hauwezi kuionea huruma meza yako ya sola.

Tuchukue mfano wa bustani ya nyanya nje kidogo ya Iringa mjini. Pampu inaendeshwa na paneli mbili, kila moja mita 1.65 kwa mita 1. Zimefungwa juu ya bomba moja la chuma linalolala kaskazini hadi kusini, kwa hiyo meza inainama mashariki asubuhi na magharibi jioni, digrii 45 kila upande. Upande wa kaskazini wa bomba ushushe digrii 8 hivi. Iringa ipo karibu digrii 8 kusini mwa ikweta na Mbeya karibu 9, kwa hiyo mwinamo huo unafaa kote kuwili. Pia unasaidia maji ya mvua na vumbi vishuke meza ikiwa imelala.

Macho mawili na ukuta katikati

Vihisi mwanga vya LDR viweke kwenye ukingo wa paneli, kimoja upande wa mashariki na kingine magharibi, na katikati simamisha kibao cheusi cha sentimita 5 au 6. Jua likiwa usawa wa meza, vyote vinapata mwanga sawa. Likisogea, kibao kinatupa kivuli upande mmoja na jeki inajua pa kwenda.

Kosa la kawaida ni kulinganisha namba mbili kwa kuzitoa tu. Asubuhi mwanga ni hafifu na tofauti inakuwa ndogo, mchana ni mkali na tofauti inakuwa kubwa, hata kama kosa la pembe ni lile lile. Gawanya tofauti kwa jumla ya vyote viwili. Ikiwa jibu halizidi 0.08 hivi, usiisogeze meza. Bila nafasi hiyo ya kutulia, jeki itacheza mbele na nyuma siku nzima mpaka brashi za mota ziishe. Na wingu likitanda, kama asubuhi nyingi za Mbeya, mwanga unatoka pande zote na vihisi havina cha kusema. Jumla ikishuka chini ya kiwango ulichopima siku ya mawingu, iache meza ilipo. Dakika tano zikipita ndipo ipime tena.

Upepo unasukuma kilo ngapi?

Kwenye miinuko hii hewa ni nyepesi, karibu kilo 1 kwa mita ya ujazo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukiipiga meza uso kwa uso unasukuma kama kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Meza yetu ina mita za mraba 3.3, kwa hiyo ni kilo 16 au 17. Upepo ukiongezeka mara mbili, mita 20 kwa sekunde, mzigo hauwi mara mbili, unakuwa mara nne: kilo 66.

Mzigo huo hausambai sawasawa. Ukingo unaotangulia upepo unabeba zaidi, na meza inataka kujizungusha kwenye bomba. Anayeizuia ni jeki peke yake. Kwa makadirio, ikiwa imefungwa sentimita 30 kutoka kwenye bomba, meza ikifika mwisho wa mwinamo jeki inabaki na nguvu ya sentimita 20 tu, na upepo huo wa mita 20 unaweza kuitwisha kilo 110. Chukua yenye uwezo wa nyutoni 1,500, sawa na kilo 150, na urefu wa kutoka wa milimita 450. Jeki za madishi ya zamani ni imara, ila nyingi ni za volti 36. Ukizipa 12 zinatambaa.

Kuna jambo moja wengi hawalioni. Kiangazi upepo hapa hutoka zaidi kusini-mashariki. Mchana meza inapogeukia magharibi, ukingo wake wa mashariki uko juu na upepo unaingia kwa chini, unainua. Nguzo zinang'olewa, hazikandamizwi. Zege lihesabiwe kwa kuvutwa juu.

Kulaza meza

Meza iliyolala bapa inapokea upepo kidogo sana. Kwenye mashamba makubwa ya sola yenye safu ndefu, kulala bapa kunaweza kusababisha safu kupepea na kujisokota, ndiyo maana baadhi huegesha kwa pembe. Meza fupi kama hii, yenye jeki katikati, haina shida hiyo.

Jeki iliyobeba mzigo inasogea kama milimita 6 kwa sekunde. Kutoka mwisho hadi katikati ni milimita 212, yaani sekunde 35. Kwa hiyo usisubiri upepo ufike kiwango cha kuvunja. Toa amri kwenye mita 12 kwa sekunde, ukitumia wastani wa sekunde 3 ili kishindo kimoja kisipotee ndani ya wastani mrefu. Kuinuka tena iwe vigumu kuliko kulala: dakika 20 mfululizo bila upepo kuzidi mita 8.

```
if (upepo > 12.0 || volti < 11.8 || kimya)
  lala = true;
if (upepo > 8.0 || volti < 12.4 || kimya)
  tUpepo = millis();
if (lala && millis() - tUpepo > 1200000UL)
  lala = false;
if (lala) nendaKatikati(); else fuataJua();
```

Angalia neno `kimya`. Kipimo cha upepo cha vikombe kinatuma mapigo kila kikizunguka. Panya akikata waya, hakuna mapigo, na programu inasoma sifuri: shwari kabisa. Kipimo kilichokufa kinafanana na siku njema. Ndiyo maana kikikaa saa 12 bila pigo hata moja, `kimya` inakuwa kweli na meza inalala. Ukikosea, unapoteza umeme kidogo tu.

Volti nazo zina sababu yake. Jeki ya skrubu hubaki pale umeme ulipokatikia, sifa nzuri mpaka betri ife meza ikiwa imesimama digrii 45. Ilale wakati betri bado ina nguvu ya kuilaza. Usiku pia ilale, isisubiri alfajiri ikiwa imetazama mashariki.

Katikati yenyewe ijulikane kwa kihisi cha pembe kilichofungwa kwenye meza, si kwa kuhesabu sekunde za mota, maana baridi na mzigo hubadilisha mwendo. Amri ikitolewa na pembe isibadilike ndani ya sekunde 5, kata umeme wa mota na upige king'ora: kuna kitu kimekwama au boliti imekatika.

Jaribu yote haya siku ya utulivu. Zungusha vikombe kwa mkono, kisha chomoa waya wake, kisha shusha volti. Mara zote tatu meza ilale yenyewe. Mvua ya mawe ni jambo jingine, kwa sababu paneli bapa inaipokea yote usoni, na kipimo cha upepo hakiwezi kukuambia kwamba inakuja.

Na kabla hujanunua, piga hesabu. Kwa taa na simu, paneli ya tatu isiyogeuka huenda ikawa nafuu kuliko jeki na zege lake. Kwa pampu inayotakiwa kuvuta maji kuanzia asubuhi mpaka jioni, hapo kugeuka kunalipa.