Kizidishi cha Lagrange na Maana Yake

Kizidishi cha Lagrange ni ile namba ambayo, tunapotafuta upeo wa kiasi fulani hali tumefungwa na sharti lisilovunjika, huzidishwa na sharti hilo ili tatizo lenye kifungo lipate kuandikwa kwa milinganyo ya kawaida. Jina limetoka katika kitenzi kuzidisha, wala halina taabu. Taabu imo katika maswali mawili ambayo mwanafunzi aghalabu huachiwa bila ya jawabu, yaani kizidishi hiki huzidisha nini, na namba ipatikanayo ni kipimo cha kitu gani. Ama sharti, yako masharti yasemayo "usizidi" na yako yasemayo "iwe sawasawa na kadha", na kanuni hii katika asili yake ni ya hayo ya pili. Sisi twayaita masharti ya mlingano, wala hatukupenda kuyaita masharti ya usawa, kwa kuwa msikiaji wa Kiswahili akisikia usawa fikira zake humwendea kwenye haki baina ya watu.

Joseph-Louis Lagrange alizaliwa Turin mwaka 1736, akafanya kazi Berlin kwa miaka mingi, kisha akahamia Paris, na huko mwaka 1788 kikatoka kitabu chake kikubwa cha mekanika, ambacho katika dibaji yake alitangaza kuwa msomaji hataona humo mchoro hata mmoja. Vizidishi alivitumia kwa miili iliyotulia hali imefungwa kwa uzi au fimbo, na humo kila kizidishi kilikuwa na maana ya kushikika, kwani kilipima nguvu ambayo kifungo kiliutia mwili. Sisi hatutamfuata katika kukataa michoro, maana handasa ndiyo njia fupi ya kuielewa kanuni yenyewe.

Natuchukue mtu mwenye seng'enge ya mita 40, atakaye kuzungushia bustani ya mstatili iliyoegemea ukuta mrefu wa nyumba yake, hivyo upande mmoja hauhitaji seng'enge. Upande ulio sambamba na ukuta tuuite x, na kila ubavu kati ya mbavu mbili zilizobaki tuuite y. Eneo la bustani ni xy, nalo ndilo tutakalo likue. Sharti ni kwamba seng'enge yote itumike, isipungue wala isizidi:

x + 2y = 40

Kwanza huulizwa eneo huongezeka kwa kadiri gani x ikirefushwa kidogo na y ikaachwa ilivyo, na jawabu ni y. Tena y ikirefushwa na x ikaachwa, eneo huongezeka kwa kadiri ya x. Kisha swali lilo hilo huulizwa kwa seng'enge, nayo huongezeka kwa 1 upande wa x na kwa 2 upande wa y, kwa kuwa mbavu ni mbili. Kanuni ya Lagrange yasema kwamba mahali pa upeo jozi ya kwanza ni sawa na jozi ya pili iliyozidishwa kwa namba moja, ambayo huandikwa kwa herufi ya Kiyunani λ, yaani lamda:

y = λ
x = 2λ

Tukivitia hivyo katika sharti twapata 2λ + 2λ = 40, basi λ ni 10, y ni mita 10, x ni mita 20, na eneo ni mita za mraba 200.

Sasa na tuichore. Juu ya karatasi yenye mhimili wa x na wa y, sharti ni mstari ulionyoka, na kila eneo lina mchirizi wake uliopinda, unaopita katika pointi zote zenye eneo hilo, mfano wa kontua katika ramani ya mlima zinavyounganisha mahali pa kimo kimoja. Mchirizi wa eneo 150 huukata mstari wa sharti mara mbili, penye x 30 na y 5, na penye x 10 na y 15. Mchirizi wa 250 haukutani nao kabisa, maana seng'enge haitoshi. Na mchirizi wa 200 huugusa mara moja tu, bila kuukata, penye x 20 na y 10. Katika kila pointi pana mshale uonyeshao upande ambao eneo hukua kwa kasi kuliko pande zote, na mshale huo husimama wima juu ya mchirizi. Mshale wa sharti nao husimama wima juu ya mstari wake. Michirizi miwili inapogusana bila kukatana, lazima mishale yao ilale katika mstari mmoja, na mmoja uwe ni mwenziwe aliyezidishwa. Hili ndilo jawabu la swali la kwanza, kwamba kizidishi huzidisha mshale wa sharti mpaka ulingane na mshale wa eneo.

Aliye na shaka na asimame penye x 30 na y 5. Hapo mshale wa eneo ni (5, 30) na wa sharti ni (1, 2), wala hakuna namba iwezayo kuugeuza wa pili ukawa wa kwanza. Akipunguza x kwa kadiri ya 2 na kuongeza y kwa 1, sharti halivunjiki, na eneo hupanda, basi bado hajafika. Penye x 20 na y 10 mshale wa eneo ni (10, 20), ambao ni (1, 2) mara 10, na hatua ndogo ya namna ile haina faida iliyobaki.

Swali la pili hujibiwa kwa kuongeza seng'enge. Kwa mita 41 upeo ni mita za mraba 210.125, ambayo ni nyongeza ya takriban 10, nayo ndiyo λ. Kizidishi basi ni thamani ya kulilegeza sharti kidogo, na kwa sababu hiyo wanauchumi hukiita bei kivuli.

Yako makosa mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni kudhani kwamba fomula ya Lagrange, xy − λ(x + 2y − 40), hufika upeo wake mahali pale. Tukitia λ kuwa 10, fomula hiyo ni sawasawa na (x − 20)(y − 10) + 200, nayo penye x 21 na y 11 hutoa 201, na ukiendelea upande huo haina mwisho. Mahali petu ni pa kutulia tu, na mwenye kuiamuru kompyuta ipande fomula hiyo ataiona ikikimbilia namba zisizo na kikomo. Kwa hiyo kanuni hutoa pointi za kuchunguzwa, na uchunguzi ni kazi nyingine. Hapa ni rahisi, kwani kwenye ncha mbili za mstari, x au y ikiwa sifuri, eneo ni sifuri, basi 200 ndiyo upeo.

La pili ni kuliandika sharti vibaya. Mtu akiandika (x + 2y − 40)² = 0, maana haikubadilika hata kidogo, lakini mshale wa sharti hugeuka sifuri kila mahali juu ya mstari, na sifuri haizidishwi ikawa (10, 20). Milinganyo haitakuwa na jawabu, ilhali bustani bora ipo. Kila mahali ambapo mshale wa sharti ni sifuri pahesabiwe mbali, kwa mkono, kabla ya kuamini kwamba hesabu imekosa jawabu.

Wengi wakisha kupata x na y huifuta λ kama kipande cha mbao cha kuegemezea. Msomaji asifanye hivyo, bali aiandike pamoja na kipimo chake, ambacho hapa ni mita 10 za mraba kwa kila mita ya seng'enge, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayomjulisha kama seng'enge zaidi inafaa kununuliwa.